Nusu kidonge iliyopotea: kurekodi darasa la Sista kwa kamera moja

Nilimpelekea Sista video yake jioni. Kufika saa tatu usiku alikuwa amejibu, na jibu lilikuwa fupi: "Kijana wangu, mbona mimi ni kivuli?"

Kazi yangu ya kila siku hapa Kisumu ni arusi na mazishi. Huko mtu akijiona anacheza, au akimwona mjomba wake akitoa hotuba kaburini, ameridhika, hata kama upepo umekula nusu ya maneno. Darasa halina huruma hiyo. Sista ni muuguzi anayefundisha wahudumu wa afya ya jamii, na kipindi alichotaka kirekodiwe kilikuwa cha saa moja hivi kuhusu kuhara kwa watoto: dalili za mtoto kuishiwa maji, jinsi ya kuchanganya ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, na kipimo cha zinki. Waliokuwa ukumbini walikuwa watu thelathini. Wengine wa mbali wangekiangalia baadaye kwenye simu, kwa bando lao wenyewe. Mimi nilikuwa na kamera moja ya picha inayorekodi pia video, lenzi mbili, stendi na simu yangu.

Mara ya kwanza nilifanya kile ambacho wengi wetu hufanya. Niliweka kamera nyuma kabisa ya ukumbi, nikafungua lenzi pana ili Sista na skrini ya projekta waingie wote, nikaacha kila kitu kwenye `Auto`, nikabonyeza kitufe chekundu. Nikakaa.

Nilipoangalia tena baada ya ule ujumbe, niliona alichokiona. Sista alikuwa umbo jeusi linalotembea mbele ya mwanga. Sauti yake ilitoka kama ya mtu aliye ndani ya tangi la maji. Na kilichonitia hofu hasa ni slaidi ya zinki. Ilikuwa na mistari miwili tu: mtoto wa miezi 2 hadi 6 apewe nusu kidonge, yaani miligramu 10 kwa siku, wa miezi 6 hadi miaka 5 apewe kidonge kizima, miligramu 20, wote kwa siku 10 hadi 14. Kwenye video yangu maandishi yalikuwa yameungua kwa weupe. Ukisogeza simu karibu na macho uliona "kidonge" mara mbili. Neno "nusu" halikuwepo.

Nianze na kivuli, maana hapo ndipo nilipoelewa kosa lenyewe.

Kamera ikiwa kwenye `Auto` hupima mwanga wa picha nzima na kutafuta wastani. Skrini ya projekta yenye slaidi nyeupe inang'aa mara nyingi kuliko uso wa mtu aliyesimama pembeni yake, hasa uso mweusi kama wa Sista na wangu. Slaidi nyeupe ikija, kamera inaona mwanga umezidi, inajifinya, na uso unazama gizani. Ikija slaidi yenye picha nyeusi, kamera inajifungua: uso unatokea, na kila kitu cheupe kwenye skrini kinaungua. Kwa saa nzima picha ilikuwa inapumua hivyo, kila slaidi ikibadilika. Nilijaribu kuinua mwanga wa uso wakati wa kuhariri. Nilichopata ni chengachenga za kijivu, kwa sababu pale kwenye giza kamera haikuwa imerekodi kitu cha kuinuliwa.

Hakuna namna ya kuiweka kamera moja ya kawaida ili uso wa mtu na skrini ya projekta vitoke vizuri pamoja katika ukumbi wenye giza nusu. Unaweza kupunguza tofauti, lakini huiondoi. Nililala nikiwaza lenzi na taa, na asubuhi nikiwa kwenye boda kuelekea Kibuye nikajiuliza swali nililopaswa kuanza nalo: kwa nini ninapiga picha ya slaidi? Slaidi ziko kwenye laptopu ya Sista, safi, kila herufi mahali pake. Kuzirekodi zikiwa zimerushwa ukutani ni kama kumpiga picha mtu kupitia kioo cha dirisha ilhali mlango uko wazi.

Basi tukagawa kazi. Kamera ingemrekodi Sista peke yake. Slaidi zingetoka kwenye faili lake. Sauti ingerekodiwa na kitu kilicho karibu na mdomo wake. Halafu vyote vitatu vingekutana mezani kwangu. Sista alikuwa na kundi lingine la kufundisha wiki mbili baadaye, kwa hiyo tulipata nafasi ya kurudia.

Uamuzi huo ulibadilisha hesabu yote ya mwanga. Kwa kuwa skrini haikuhitaji tena kusomeka kwenye video, niliiacha iungue na kupima mwanga kwa uso pekee. Nilimwomba Sista asimame mita moja na nusu kando ya skrini, chini ya taa ya safu ya pili. Taa ya safu ya kwanza ilizimwa ili wanafunzi waendelee kuona slaidi, kwani wao ndio waliokuwa na haki ya kwanza. Nilisogeza kamera mbele hadi mita nne kutoka alipo, kwa urefu wa macho yake, nikafunga ile lenzi ya milimita 50. Kwa umbali huo fremu inachukua upana wa chini kidogo ya mita mbili: Sista kutoka kiunoni kwenda juu, na ukingo wa kushoto wa skrini. Ukingo huo niliuacha makusudi, nitaueleza.

Kisha nikahamisha kila kitu kutoka `Auto` kwenda `M`, ambako namba unazichagua mwenyewe. Shata, yaani muda kamera inaopokea mwanga kwa kila fremu, 1/50 ya sekunde, tundu la lenzi f/4, `ISO` 1600, fremu 25 kwa sekunde. Namba ya shata na ya fremu hazikuja kwa bahati. Stima ya Kenya ni ya hezi 50, na taa za zamani za mirija humetameta mara 100 kwa sekunde hata kama jicho halioni. Shata ya 1/50 hudaka mimweko miwili kamili katika kila fremu, kwa hiyo fremu zote hupata mwanga sawa. Mara ya kwanza kamera ilikuwa kwenye fremu 30 na imejichagulia 1/60; ndiyo maana kulikuwa na vivuli vilivyokuwa vikipanda ukutani polepole kama moshi, nami nikadhani ni projekta mbovu. Anayetumia simu badala ya kamera anaweza kubonyeza uso kwenye kioo na kushikilia hadi mwanga na fokasi vifungwe. Kwenye iPhone utaona maandishi `AE/AF LOCK`. Hapo uso hautapumua tena, ingawa shata huichagui wewe isipokuwa kwa programu nyingine ya kamera.

Fokasi pia niliifunga. Ikiwa huru hukimbilia kile chenye tofauti kali ya mwanga na giza, na ndani ya ukumbi ule hicho kilikuwa skrini. Kwa lenzi ile, f/4 na mita nne, kinachoonekana kwa ukali ni takriban nusu mita mbele na nusu mita nyuma ya mtu. Nilibandika seloteepu sakafuni. "Sista, ukitoka nje ya hii alama utakuwa ukungu." Akacheka: "Yaani sasa mimi ni ng'ombe wa kufungwa kamba?" Lakini alikaa ndani ya kamba.

Sasa sauti. Hii ndiyo sehemu ambayo ningeilinda kama ningelazimishwa kuchagua moja, kwa sababu mtu huvumilia picha mbaya kwa saa nzima lakini sauti mbaya huizima baada ya dakika tatu.

Ukumbi una sakafu ya saruji, kuta tupu na paa la mabati bila dari. Sauti ikitoka mdomoni hugonga kila upande na kurudi. Maiki iliyo ndani ya kamera haichagui: inachukua sauti iliyokuja moja kwa moja na zile zilizorudi, na kadiri unavyokaa mbali ndivyo zilizorudi zinavyozidi. Kutoka mita nne hadi shubiri moja chini ya kidevu, yaani kama sentimita 20, umbali unapungua mara 20. Kila umbali ukipungua kwa nusu, sauti ya moja kwa moja hupanda desibeli 6; kwa mara 20 inapanda takriban 26. Mwangwi wa ukumbi unabaki pale pale. Ndiyo maana maiki ya bei ya chini iliyobanwa kifuani hushinda maiki ya gharama iliyo juu ya kamera.

Nilikuwa na maiki ndogo ya kubana yenye waya. Nikaichomeka kwenye kamera kwa majaribio, kimya. Nikadhani imekufa. Tazama plagi yake kwa karibu: ile ya simu ina pete tatu nyeusi zinazokata chuma chake sehemu nne, wakati tundu la maiki la kamera linataka yenye pete mbili, sehemu tatu. Zinaingiana bila kulalamika, ila mguso wa maiki unaangukia mahali pasipo pake. Kuna kiunganishi cha kurekebisha hilo, lakini mimi sikukihitaji. Niliichomeka kwenye simu yangu, nikafungua kinasa sauti, nikakiweka kwenye WAV ya sampuli 48000 kwa sekunde kwa kuwa video hutumia kipimo hicho hicho, na simu ikaingia mfukoni mwa koti la Sista. Saa moja ya sauti ya namna hiyo, mkondo mmoja, ni kama MB 346. Simu nyingi zinaibeba bila shida.

Kabla ya kuingia mfukoni, `Airplane mode`. Si kwa ajili ya adabu. Kwenye simu nyingi mtu akipiga, kinasa husimama na hakiendelei chenyewe, na hata isipopigwa, mawasiliano yake na mnara yanaweza kuingia kwenye waya wa maiki kama mlio wa "trrr-trrr".

Jaribio la nusu dakika lilituonyesha tatizo moja: Sista alivaa mtandio, na kila alipogeuka kitambaa kilisugua maiki, sauti kama mtu anayekunja karatasi. Maiki ikahamia kwenye ukosi wa koti, na waya ukapigwa kitanzi kidogo na kubandikwa kwa seloteepu ndani, ili ukivutwa mvuto uishie kwenye kitanzi. Nikamwambia aongee kwa sauti yake ya darasani, si ile ya mazungumzo, nikarekebisha hadi maneno yake makubwa yafike karibu na desibeli 12 chini ya kilele. Walimu wote husema taratibu wakati wa majaribio, halafu darasa likianza wanapaza.

Mvua tuliikwepa kwa ratiba tu. Kisumu mawingu hujikusanya mchana, na mvua ya alasiri juu ya mabati haiondolewi na programu yoyote. Ukijaribu, sauti ya mtu inakuwa ya majimaji. Tukaanza saa mbili asubuhi. Gharama yake ilikuwa jua la mashariki lililokuwa likipenya dirishani nyuma ya Sista, tukalifunika kwa leso mbili zilizoazimwa kwa akina mama wa mstari wa mbele.

Kilichobaki ni kujua slaidi zinabadilika lini. Unapokuwa mezani na slaidi 31 upande mmoja na sauti ya saa nzima upande mwingine, kukisia ni mateso. Kwa hiyo usiku uliotangulia nilimwomba Sista aniruhusu niguse faili lake. Kwenye ukingo wa kushoto wa kila slaidi niliweka ukanda mwembamba: wa bluu nzito kwenye slaidi za namba shufwa, wa nyekundu nzito kwenye za witiri. Ule ukingo wa skrini nilioubakiza kwenye fremu ndio huo. Sehemu nyeupe ilikuwa imeungua kabisa kwenye video, lakini rangi nzito zilionekana, na kila slaidi ilipobadilika ukanda ulibadilika. Nilipitisha video kwa kasi na kuweka alama 29 kwa dakika kumi.

Slaidi zenyewe nilizitoa kama PDF, kisha nikazigeuza picha kwa amri hii ya kompyuta:

```
pdftoppm -r 144 -png slaidi.pdf s
```

Namba 144 ina maana yake. Slaidi pana ya kawaida ikiwa PDF ina upana wa inchi 13.33, na kwa nukta 144 kila inchi unapata picha ya 1920 kwa 1080, ukubwa wa video yenyewe. Ila PDF ina mtego. Vitu vinavyotokea kimoja kimoja kwenye slaidi hutoka vyote kwa pamoja. Sista ana slaidi ya swali, "Mtoto wa miezi minne atapewa kiasi gani?", na jibu huja baada ya darasa kujaribu. Kwenye PDF jibu lilikuwa tayari limekaa chini ya swali. Slaidi za aina hiyo zilikuwa tatu. Tulizinakili, nakala ya kwanza tukaifutia jibu.

Asubuhi nikawasha kinasa, nikawasha kamera, nikapiga kofi moja mbele ya Sista ili mikono ionekane na mlio usikike kote kuwili. Akaanza.

Na hapa nikafanya kosa langu la siku. Kamera yangu, kama nyingi za picha za kizazi chake, husimama yenyewe ikifika dakika 29 na sekunde 59. Kikomo hicho kilitokana na ushuru wa Ulaya: kifaa kilichoweza kurekodi dakika 30 au zaidi kilihesabiwa kuwa kamera ya video na kutozwa zaidi. Nalijua hilo. Nilikuwa nimepanga kuisimamisha na kuiwasha mwenyewe kwenye dakika ya 25, wakati wa swali la darasa. Badala yake nilikuwa namsaidia mzee mmoja kufungua dirisha, na niliporudi taa nyekundu ilikuwa imezimika. Sista aliongea dakika mbili na sekunde kumi hivi bila kamera.

Kwa mpango wa mara ya kwanza hapo ingekuwa mwisho. Kwa mpango huu simu ilikuwa mfukoni ikiendelea kunasa, na slaidi zilikuwa kwenye faili. Kwenye video iliyokamilika, dakika hizo mbili ni slaidi iliyojaa kioo chote na sauti ya Sista ikieleza ORS: pakiti moja kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, maji safi, na mchanganyiko ukizidi saa 24 umwagwe. Mpaka leo hakuna aliyeniuliza kwa nini hapo haonekani. Slaidi moja ilibadilika ndani ya pengo hilo bila ukanda kuonekana, nikaipata kwa kusikiliza anaposema "sasa tuangalie".

Klipu ya pili haikuwa na kofi mwanzoni, kwa hiyo niliilinganisha na sauti ya simu kwa kutumia sauti ya kamera yenyewe. Ile maiki mbaya ya kamera usiizime kamwe. Haifai kusikilizwa na watazamaji, lakini mawimbi yake ndiyo yanayoonyesha neno gani liko wapi. Nilitafuta herufi kali, ile "p" ya "pakiti". Kulinganisha klipu mbili kila moja peke yake kulinisaidia kwa jambo jingine pia. Saa ya simu na saa ya kamera haziendi sawasawa kabisa. Kofi la mwisho wa kipindi lilionyesha kwamba, kama ningepanga kwa kofi la kwanza tu, midomo ingekuwa imepishana na maneno kwa fremu nne, na hapo jicho linaanza kusumbuka. Kwa klipu mbili, hakuna ilipozidi fremu mbili.

Maswali ya wanafunzi ndiyo sikuyatatua vizuri. Tulikubaliana Sista arudie kila swali kabla ya kujibu. Alirudia mawili kati ya matano. Yale matatu niliyaandika kwenye kioo kwa maneno machache, baada ya kuyasikiliza kwa taabu kutoka kwa maiki ya kamera. Na kwa kuwa alizoea kuonyesha kwa taa ya leza, nukta yake haikuwepo kwenye slaidi zangu. Kila aliposema "hapa" ilibidi nichore duara mwenyewe.

Mpangilio wa mwisho ulikuwa slaidi upande wa kushoto, robo tatu ya upana, na Sista amekatwa wima kulia. Slaidi ya zinki nilimtoa Sista kabisa nikaiacha ijaze kioo, kwa sekunde zote alizoizungumzia. "Nusu" inasomeka hata kwenye simu ndogo.

Sehemu moja tu ilishindikana kwa mpango wote huu. Kuna mahali Sista huchukua mwanasesere na kuonyesha jinsi ya kubana ngozi ya tumbo: wapi vidole vinakaa, unabana kwa mkunjo wa urefu wa mwili na si wa kukingama, kisha unaachia na kutazama inarudi haraka, polepole, au polepole sana. Alipofika hapo alipiga hatua mbili kuelekea wanafunzi, akavuka seloteepu, na vidole vyake vikawa ukungu. Faili la slaidi halina vidole hivyo. Darasa lilipotawanyika nilimwomba arudie hilo peke yake. Nikaleta kamera hadi mita moja, nikaishusha usawa wa meza, maiki ikiwa bado ukosini na simu bado inanasa. Ilichukua sekunde 50, nikazichomeka mahali pake. Ukichunguza utaona leso za dirishani zimeshaondolewa na ukuta nyuma yake umekuwa na jua.